Eti "ongeza mabehewa"! Ripoti yangu imejaa reli tupu, nimedhalilishwa mbele za watu

Mwana_Kibirizi:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka kikaoni sasa hivi, chai hata sijaigusa. Yule mnayemjua, yule anayetembea na kalamu nyekundu hata msibani, leo kanimaliza.

Tangu mwezi uanze narekodi boti za dagaa: saa ya kutoka, saa ya kurudi, muda waliokaa ziwani. Boti 14. Kila alfajiri nipo mchangani, baridi inanitafuna mpaka mifupa, nasubiri taa zirudi. Jana nimeingiza kila kitu kwenye Eksel, leo projekta ikawashwa. Kolamu ya muda, juu mpaka chini: ##########. Reli! Ukumbi mzima unaangalia reli!

Nikasema kolamu imebana, nikaivuta mbele yao. Reli zikaongezeka. Nikavuta tena, zikajaa tena. Ndipo yule mtu akasema kwa sauti ya mnada: "Hapa ndiyo mwisho wa reli, ongeza mabehewa!" Watu wakacheka mpaka dirisha likatikisika. Mpaka anayetuletea chai kacheka, na yeye nilimkopesha nauli juzi. Ongeza mabehewa! Mimi!

Halafu safari chache za mchana zimetoka vizuri kabisa. Za usiku tu ndizo reli. Nani kanifanyia hivi?

Mgebuka_wa_Ujiji:
Pole mkuu, lakini hilo dogo mno. Kolamu imebana. Weka mshale kwenye mpaka kati ya herufi za kolamu pale juu, bofya mara mbili, inajipanua yenyewe. Namba zipo humo ndani, hazijapotea.

Mwana_Kibirizi:
NIMESEMA NIMEPANUA! Niliipanua mpaka ikafika upana wa geti la bandari! Wewe ndiye uliyecheka nini pale nyuma?

Kipeto:
Mleta uzi punguza munkari. Ila "ongeza mabehewa" imekaa vizuri, tuwe wakweli 😂😂

Asali_ya_Sikonge:
Mimi huku Tabora yalinikuta zaidi ya hayo. Nilibandika namba za simu za wafuga nyuki kwenye kolamu ambayo mwenzangu alikuwa ameiwekea mtindo wa tarehe. Reli mia mbili na kitu. Nimepanua mpaka kolamu moja ikajaza kioo. Siku mbili napiga simu upya kuomba namba, kumbe ningebadilisha mtindo tu ungeniokoa. Na aliyeweka huo mtindo wa tarehe hajaniomba radhi hadi leo. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

Mama_Hesabu:
Wewe wa Sikonge na huyu mleta uzi mna ugonjwa wa ukoo mmoja. Eksel inaishia tarehe 31/12/9999, ambayo kwake ni namba 2958465. Namba ya simu imepita huko mbali, kwa hiyo inakosa tarehe ya kuonyesha, inaweka reli. Ya mleta uzi imeanguka upande wa pili, chini ya sifuri. Mwanangu, hebu andika hapa safari moja: ilitoka saa ngapi, ikarudi saa ngapi, na umeandika fomula gani?

Mwana_Kibirizi:
Shikamoo mama. Boti ya kwanza imetoka 18:40, imerudi 05:55. Saa ya kutoka ipo A2, ya kurudi B2, nikatoa ya kutoka kwenye ya kurudi:

```
=B2-A2
```

Na bado nasikia "ongeza mabehewa" masikioni.

Mama_Hesabu:
Marahaba. Basi ndiyo hiyo. Umeandika saa bila tarehe, kwa hiyo Eksel haijui kwamba 05:55 ni ya kesho yake. Inaona mtu karudi alfajiri kabla hajatoka jioni. Badilisha mtindo wa kisanduku hicho uwe General, utaona -0.53125, yaani zaidi ya nusu siku chini ya sifuri. Kwa mpangilio wa kawaida Eksel haina namna ya kuonyesha saa hasi, hivyo inajaza reli upana wowote utakaoipa. Ndiyo dalili ya kutofautisha: ukipanua na reli zikaongezeka, usihangaike na upana. Safari za mchana hazivuki usiku wa manane, ndiyo maana zilipona. Weka hivi:

```
=MOD(B2-A2,1)
```

Kisha rudisha mtindo wa saa. Utapata 11:15. Hesabu kwa vidole: kutoka 18:40 hadi usiku wa manane ni saa 5 na dakika 20, ongeza 5 na dakika 55.

Fundi_Mwanga:
Mama umezunguka sana. Ingia Options, Advanced, weka tiki kwenye "Use 1904 date system". Reli zote zinafutika sekunde hiyohiyo. Nimefanya mwenyewe.

Mama_Hesabu:
Zinafutika, ndiyo. Na safari yake itasoma -12:45. Boti gani imekaa ziwani saa 12 na dakika 45 chini ya sifuri? Halafu tarehe ulizokwisha kuandika kwenye faili hilo zinaruka mbele miaka 4 na siku moja. 12/03/2024 inakuwa 13/03/2028. Umewahi kurudi kuangalia tarehe zako?

Fundi_Mwanga:
Ngoja kwanza nifungue faili.

Kipeto:
😂😂😂 Amekwenda.

Karani_Mpya:
Mama, mimi nimejaribu hiyo fomula yako, reli zimeondoka lakini inaniambia boti imekaa ziwani 23:15. Nimeandika kama tunavyosema: kutoka 12:40, kurudi 11:55.

Mama_Hesabu:
Hizo ni saa zetu za mdomoni. Kompyuta imesoma 12:40 kuwa mchana kweupe na 11:55 kuwa kabla ya adhuhuri ya kesho yake. Andika 18:40 na 05:55. Na wewe ndiye wa kuogopwa zaidi, maana makosa yako hayatoi reli, yanatoa namba nzuri.

Mwana_Kibirizi:
Zimetoka! Boti zote 14! Sasa jumla. Safari tatu za boti ya kwanza ni 11:15, 10:40 na 11:30, chini inaandika 9:25. Nikipeleka hii yule mtu ataongeza na injini juu ya mabehewa.

Mama_Hesabu:
Jumla ni sahihi, mtindo ndio unameza saa 24. Kwenye Format Cells, Custom, andika [h]:mm. Itasoma 33:25. Ila kumbuka, hiyo MOD ni ya safari isiyofika saa 24. Ikizidi, andika tarehe na saa pamoja kwenye kisanduku kimoja kisha toa kawaida.

Mgebuka_wa_Ujiji:
Mimi bado nasema kolamu zibane zisibane, ukichapa zinatoka reli kwenye karatasi hata kama kwenye kioo ziko sawa. Hilo nalo mlijibu.

Asali_ya_Sikonge:
Hilo kweli, lilinikuta. Niliacha nafasi kidogo ya ziada pembeni.

Abiria_wa_Usiku:
Nimesoma kichwa cha uzi mbio nikajua mnazungumzia treni. Kwani ya leo kutoka Tabora imeshafika? Mke wangu yumo na magunia mawili ya karanga.

Kipeto:
Nilipita stesheni, watu bado wamelala kwenye mizigo.

Abiria_wa_Usiku:
Simu yake haipatikani tangu Uvinza.

Mwana_Kibirizi:
Jamani, uzi ni wangu. Nauliza: kesho nimpelekee yule mtu ripoti mpya kimyakimya, au niombe projekta tena, watu walewale wakae palepale?

Asali_ya_Sikonge:
Mkuu wa karanga, gunia mmenunua bei gani huko?