Arifa za kazi, utafutaji uliohifadhiwa au kufuata kurasa za mashirika: kipi kinawahi kwa sisi wa Kigoma?

Binti wa Ujiji
Habari zenu wanajukwaa. Nimesomea ununuzi na ugavi, na ninalenga mashirika yanayohudumia kambi za Nyarugusu na Nduta. Nimewasha arifa ya LinkedIn kwa maneno "procurement officer", eneo Kigoma, lakini wiki inapita bila ujumbe hata mmoja, ilhali jirani yangu ameitwa kwenye usaili wa kazi ya ghala huko Kasulu. Kati ya arifa, kuhifadhi utafutaji na kuufungua mwenyewe, na kufuata kurasa za mashirika, kipi kinawahisha habari?

Kijana wa Gungu
Dada, fuata mashirika tu, mengine ni kujichosha. Ukibonyeza Follow, kila nafasi inakufikia siku hiyohiyo. Mimi niliona ukurasa mmoja ukitangaza kuanza kwa mradi wa maji Kibondo, na haukupita muda mrefu nafasi zikatoka.

Mtunza Ghala, Kasulu
Ndugu yangu wa Gungu ana hoja kuhusu mradi, kwa sababu habari ya mradi mpya hutangulia tangazo la kazi. Hata hivyo, Follow huleta machapisho ya ukurasa, tena yale tu ambayo mtandao umeamua kukuonyesha, na mashirika mengi huweka nafasi kwenye tovuti zao bila kuzichapisha hapo. Anayetaka nafasi zenyewe aingie sehemu ya Jobs ya ukurasa huo na kuwasha arifa ya shirika hilo peke yake.

Kwa dada wa Ujiji, nadhani tatizo si chombo bali maneno uliyokipa. Eneo linaloonekana kwenye tangazo ni lile alilojaza mwajiri. Kazi ya Nyarugusu inaweza kuandikwa Kasulu, ya Nduta ikaandikwa Kibondo, na nyingine zikabeba Tanzania au Dar es Salaam yaliko makao makuu, nawe unayechuja kwa Kigoma huenda usizione. Cheo nacho hubadilika kutoka shirika hadi shirika, kwa hiyo tanua maneno, weka eneo Tanzania, kisha upunguze kwa macho:

```
"supply chain" OR procurement OR logistics OR warehouse
```

Kabla ya kuuamini utafutaji huo, chukua tangazo la zamani ambalo ungelitaka, kwa mfano hilo la jirani yako, na ulisome kana kwamba wewe ndiwe mtambo: je, neno mojawapo limo, na eneo linakubali? Likishindwa kupita, hata lijalo la aina hiyo litakupita.

Tazama pia marudio. Tangazo likitoka Alhamisi na kufungwa Jumatano inayofuata, arifa ya kila wiki inayoingia Jumatano asubuhi imekuachia saa chache tu, na kama limeandika kwamba maombi yanapitiwa kadiri yanavyofika, huenda orodha imekwisha kupangwa. Chagua ya kila siku. Kwenye ReliefWeb, tovuti ya habari na kazi za misaada, nako uchuje kwa nchi, kisha utafute majina ya wilaya moja baada ya jingine.

Mwalimu, Tabora
Mimi nasubiri ajira za walimu, na kwenye portal.ajira.go.tz sihitaji maneno ya Kiingereza kabisa. Kwa nini mnamsumbua dada na LinkedIn?

Mtunza Ghala, Kasulu
Mwalimu, yeye ameulizia mashirika. Ila umenikumbusha jambo: akitaka na serikali, asitumie maneno yaleyale, kwa kuwa huko cheo huweza kuwa Afisa Ugavi. Matangazo ya halmashauri hutafutwa hivi, na matokeo yachujwe yabaki ya wiki iliyopita:

```
site:go.tz "nafasi za kazi" Kasulu
```

Tangazo lililopigwa picha na kupakiwa kama PDF linaweza lisionekane humo, hivyo tovuti ya halmashauri yenyewe ifunguliwe kwa mkono.

Binti wa Ujiji
Ahsante, kaka. Nimelipima tangazo la jirani: cheo ni "Warehouse Assistant", eneo Tanzania, na jina Kasulu limo ndani ya maelezo tu. Arifa yangu ya zamani isingelikamata kwa cheo wala kwa eneo. Nimeitanua, lakini sasa naletewa mameneja wa Dar es Salaam kwa wingi.

Mtunza Ghala, Kasulu
Hao waondoe kwa kuongeza NOT manager mwishoni, baada ya kufunga maneno ya awali kwa mabano. Usiondoe "senior" kwanza, maana baadhi ya vyeo vyenye neno hilo huomba miaka michache tu.

Kijana wa Gungu
Na makandarasi wa reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma je? Huko sijaona arifa yoyote ikifaa.

Mtunza Ghala, Kasulu
Kwa vibarua na madereva nimeona karatasi kwenye mbao za matangazo za kata na kwenye lango la kambi ya ujenzi. Kwa kazi za ofisini sina uhakika, labda kuna mwenzetu wa Tabora anayejua.