Afisa utumishi kakataa kuandika sentensi moja kwenye barua ya benki, nifanyeje?

Bint_Heru
Wakuu mwakeye. Niko Kasulu, nafanya kazi shirika moja linalohudumia kambini Nyarugusu, nina mwaka wa tano sasa ila mkataba wetu ni wa mwaka mmoja mmoja, unaisha 31 Desemba alafu Januari tunasaini mwingine. Nilienda benki kuomba mkopo wa milioni 8 nimalizie nyumba, nimeshapaua bado plasta, madirisha na sakafu, na hesabu yangu ilikuwa nirudishe kwa miaka mitatu. Afisa mikopo akasema lete barua ya mwajiri. Nikamwomba bosi wangu wa hapa ofisini akaniandikia vizuri tu, benki wakairudisha, eti aliyesaini hawamtambui. Nikaomba makao makuu Dar, siku 9 kimya, kisha ikaja barua ya mistari mitatu kwamba mimi ni mfanyakazi wao, basi. Benki wakasema haina mshahara, haina tarehe ya mwisho wa mkataba, na wanataka iandikwe kwamba mkataba wangu utaongezwa. Nikarudisha maombi Dar, afisa utumishi akajibu hiyo sentensi haandiki kabisa. Nimeumia kwa kweli, miaka mitano yote hiyo. Nimwombeje mpaka akubali?

Jembe_la_Buhigwe
Pole dada. Huyo anakunyanyasa tu, sheria ya ajira ya 2004 inamlazimisha mwajiri kukupa barua ukihitaji. Nenda tume ya usuluhishi, CMA, kafungue shauri, ataandika siku hiyo hiyo.

Mzee_wa_Ipuli
Jembe subiri kwanza. Niko Tabora, nimekaa ofisi za utumishi za kampuni binafsi miaka 14. Sheria unayosema ipo ila siyo hivyo. Kifungu cha 15 kinataka mwajiri ampe mtu maelezo ya ajira yake kwa maandishi anapoanza kazi, na cha 44 ni cheti cha utumishi ajira inapokoma. Barua ya kupeleka benki haimo humo, ni utaratibu wa ofisi, kwahiyo CMA utapoteza nauli.

Dada Bint, sentensi uliyokataliwa ndo yenye mzigo. Sheria hiyo hiyo kifungu cha 36 inasema kama mfanyakazi wa mkataba wa muda alikuwa na sababu ya msingi ya kutegemea mkataba uongezwe na usipoongezwa, hiyo inahesabika ni kuachishwa kazi. Sasa afisa akiandika "mkataba wake utaongezwa" akagonga muhuri, na mfadhili akafunga mradi Desemba, barua hiyo unaibeba wewe mwenyewe kwenda nayo CMA kama ushahidi. Mimi nisingeiandika hata kwa mdogo wangu wa tumbo moja. Siyo chuki.

Ila historia yako anaweza kuiandika bila woga maana imeshatokea. Omba hivi, barua pepe moja fupi:

"Naomba barua ya utambulisho wa ajira kwa Meneja wa Tawi, benki fulani, Kasulu. Naomba itaje cheo changu, tarehe niliyoanza kazi, kwamba mkataba umeongezwa mara nne mfululizo, tarehe mkataba wa sasa ulipoanza na unapoisha, mshahara wa msingi, na kwamba unapita akaunti yangu ya benki hiyo. Naridhia mshahara wangu utajwe. Nimeambatanisha mkataba na salari slipu ya mwezi uliopita. Naihitaji kabla ya tarehe fulani."

Hilo neno naridhia usiliache, mshahara ni taarifa yako binafsi na ofisi nyingi zinaogopa kuutoa bila ridhaa ya maandishi, pengine ndo maana ulipata mistari mitatu. Na barua ielekezwe kwa meneja wa tawi, siyo "kwa yeyote anayehusika". Alafu waulize benki ni majina ya nani wa shirika lenu yanayotambulika kwao kusaini, umtajie afisa wako, usije ukaandikiwa tena na mtu wanayemkataa.

Mwl_Urambo
Dada mbona unajisumbua, siku hizi unaingia ESS unaomba mkopo hukohuko, afisa utumishi anapitisha kwenye mfumo, karatasi za nini? Mimi sijashika barua yoyote.

Mzee_wa_Ipuli
Mwalimu hiyo ni ya watumishi wa umma. Yeye yuko shirika, hayumo humo.

Kaunta_Namba_Tatu
Nilikuwa afisa mikopo Kigoma mjini. Naomba niseme kitu ambacho huenda hukuambiwa, hata ukiipata hiyo barua milioni 8 haitoki. Mkopo wa mshahara kwa mtu wa mkataba unatakiwa uishe kabla mkataba haujaisha. Nipe mshahara wa msingi, na kama unakatwa bodi ya mikopo.

Bint_Heru
Msingi 1,200,000. Bodi nakatwa ndiyo.

Kaunta_Namba_Tatu
Sawa. NSSF 120,000. Kodi inapigwa kwenye 1,080,000 inayobaki, inakuja 152,000. Bodi ni asilimia 15 ya msingi, 180,000. Unabaki na 748,000 mkononi. Pale kwetu tulikuwa tunataka mtu abaki na theluthi ya mshahara wa msingi, kwako 400,000, kwahiyo rejesho lisizidi 348,000 kwa mwezi. Sasa tuko mwisho wa mwezi wa tatu, umebakiwa na mishahara 9 mpaka Desemba. 348,000 mara 9 ni 3,132,000, na hapo riba na bima zimo ndani, mkononi unapata chini ya hapo. Afisa mikopo wako alitaka ile sentensi ili apate pa kushikia miaka mitatu, ila nina wasiwasi hata yeye ingemrudia kutoka kwa wakubwa wake.

Ukisubiri Januari ukasaini mpya una mishahara 12, inafika 4,176,000. Bado siyo 8.

Mama_wa_Ujiji
Mimi yangu ilikuwa viza, nilikuwa naenda kumwona mwanangu Ubelgiji. Barua ya kazini ilitaja cheo na mshahara vizuri ila haikutaja likizo, nikanyimwa, sababu wakaandika hawana uhakika kwamba nitarudi. Mara ya pili nikaomba waandike likizo imekubaliwa kuanzia tarehe hii mpaka hii na tarehe ya kurudi kazini, nikapewa. Kwahiyo mwanangu usisahau likizo.

Mzee_wa_Ipuli
Mama hiyo ni kweli kabisa kwa ubalozi, benki likizo haiwahusu. Kila anayepokea barua ana swali lake.

Bint_Heru
Asanteni sana. Sikuwahi kukaa chini na hizo hesabu, nilikuwa namlaumu dada wa watu bure. Nimeshamtumia barua pepe kama ya Mzee. Nitaomba milioni 2 na nusu, plasta na madirisha, sakafu isubiri. Swali la mwisho, kiwanja changu hakina hati, nina karatasi ya mauziano ya serikali ya kijiji tu, kinaweza kusimama kama dhamana ya hiyo iliyobaki?

Kaunta_Namba_Tatu
Pale kwetu ilikuwa hapana. Nimesikia wengine wanapokea hati ya kimila, ila sijawahi kushika faili la hivyo. Kaulize ofisi ya ardhi ya kijiji kwanza kama eneo lenu limepimwa.

Jembe_la_Buhigwe
Dada ukijibiwa na Dar rudi utuambie, na mimi mkataba wangu unaisha mwezi wa sita.