Puti ya wazi, spredi au pesa kamili: ipi itavuka soko likitikisika bila broka kukufungia?

Baharia_Likoni
Assalam aleykum wanajukwaa. Nina dola 20,000 kwenye akaunti ya marjini kwa broka wa Marekani. Nataka kuuza puti za hisa ambayo leo iko dola 50, bei ya mkataba 45, zimebaki siku 35. Puti inalipa senti 80, yaani dola 80 kwa mkataba wa hisa 100.

Njia ninazopima ni tatu. Kwanza, niweke pesa kamili ya kununulia hisa, dola 4,500 kwa mkataba. Pili, niuze puti ya wazi kwa marjini. Tatu, spredi: niuze ya 45 na ninunue ya 40 kwa senti 25. Kinachonishangaza ni kwamba puti ya wazi na spredi zote zinashikiwa dola 500 kwa mkataba. Kama ni sawa, kwa nini nilipie kinga? Shida yangu kubwa ni moja: volatiliti ikipanda ghafla, broka asinifungie mikataba kwa nguvu. Nibakishe akiba kiasi gani?

Kijana_wa_Tudor
Wa aleykum salaam. Kanuni yangu ni nusu kwa nusu. Usitumie zaidi ya nusu ya nguvu ya kununua, basi umemaliza. Kwa hesabu yako ni mikataba 20 ya wazi, dola 10,000 zinashikwa na 10,000 zinabaki zimelala. Spredi inakula faida bure.

PipsZaPwani
Ndugu, angalia kiwango cha marjini kisishuke chini ya asilimia 100. Mimi kwenye yuro na dola naweka leva ya 1:100, na broka hafungi mpaka nifike asilimia 50. Punguza tu ukubwa wa loti.

BiHesabu
PipsZaPwani, hayo ni ya sarafu, na huku hayafanyi kazi. Kwenye sarafu ukishafungua, marjini ya loti yako hukaa karibu palepale, kinachocheza ni hasara. Kwa aliyeuza puti ya wazi vinacheza vyote viwili kwa pamoja: thamani ya akaunti inashuka huku marjini inayodaiwa inapanda. Hapo ndipo nusu ya Kijana inapovunjika.

Baharia, tazama hizo dola 500 zimetoka wapi. Kanuni ya kawaida ya Marekani huchukua asilimia 20 ya bei ya hisa, hapa dola 10, kisha hutoa umbali wa hisa kutoka bei ya mkataba, dola 5. Inabaki 5, mara 100 ni 500. (Bei ya puti yenyewe huongezwa juu, lakini nimeihesabu kwa kuitoa kwenye thamani ya akaunti, jibu ni lilelile.) Ule umbali ni punguzo unalopewa wakati wa utulivu tu.

Sasa hisa ianguke hadi 44, na volatiliti ipande. Puti uliyouza kwa senti 80 inaweza kufika dola 4 hivi. Hasara ni dola 320 kwa mkataba. Punguzo limekwisha, kwa hiyo marjini ni asilimia 20 ya 44, dola 880. Chukua mikataba 20 ya Kijana: akaunti imebaki na 13,600, inayodaiwa ni 17,600. Amepungukiwa 4,000, na alianza na nusu nzima mkononi.

Kwa hiyo usianze na asilimia ya leo. Jumlisha hasara ya siku mbaya na marjini ya siku hiyo: 320 na 880 ni 1,200. Gawa 20,000 kwa 1,200, unapata mikataba 16, ukiwa umebanwa ukutani. Jaribu na pigo kubwa zaidi, hisa ifike 40 na puti iwe 6.70: hasara 590, marjini 800, jumla 1,390. Hapo ni 14. Mimi ningeuza 10. Kwenye 40 akaunti ingekuwa 14,100, inayodaiwa 8,000, na bado ningekuwa na 6,100 za kupumulia.

Kijana_wa_Tudor
Dada, hesabu nimeikubali. Lakini hisa kuanguka asilimia 12 kwa siku moja si jambo la kila mwezi. Na kama hisa haijasogea, volatiliti peke yake inafanya nini?

BiHesabu
Si la kila mwezi, ila ripoti moja ya mapato inatosha. Kwa volatiliti peke yake: hisa ibaki 50, puti itoke senti 80 hadi dola 2. Kwa kanuni hii marjini inabaki 500, ila kila mkataba umekula dola 120 za akaunti. Mwenye mikataba 20 anavuka. Mwenye 30 anabaki na 16,400 dhidi ya 15,000, akining'inia. Na broka ana haki ya kudai zaidi ya kanuni, hasa soko likichafuka. Usiitumie akiba yote ukidhani asilimia 20 haiguswi.

MzeeGanjoni
Mwanangu Baharia, mimi akiba yangu iko kwenye mfuko wa soko la fedha hapa Kenya, kwa shilingi, inazaa kila siku. Soko likinibana nachomoa na kutuma.

BiHesabu
Shikamoo mzee. Kwa hili akiba hiyo iko mbali mno. Uichomoe, ubadilishe kuwa dola, benki itume, zipite siku za kazi. Mabroka wengi hufunga kwa mashine bila kupiga simu. Akiba ya marjini ni ile iliyomo ndani ya akaunti, kwa dola, au bili fupi za Hazina ya Marekani, ambazo kwa kawaida hukatwa kidogo sana zikihesabiwa dhamana.

Kumbuka Jumatatu ya tarehe 5 Agosti 2024. VIX, kipimo cha volatiliti ya soko la hisa la Marekani, iligusa 65.73 kabla soko halijafunguliwa, ikafunga siku kwenye 38.57. Soko la New York wakati huo wa mwaka hufunguliwa saa kumi na nusu jioni yetu, na kabla ya hapo opsheni za hisa huwezi kuzigusa. Kwenye dakika za kwanza za siku kama hiyo pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji huwa pana sana. Anayefungwa kwa nguvu hununua kwa bei ya juu ya pengo hilo, na baada ya saa chache bei inaweza kurudi bila yeye kuwemo.

MzeeGanjoni
Marahaba. Basi sehemu nitaihamisha. Na spredi je? Kijana anasema inakula bure.

BiHesabu
Kinachonunuliwa na zile senti 25 ndicho hiki: dola 500 za spredi hazipandi. Hisa iende 44, 40 au 20, marjini ni palepale, upana wa 45 hadi 40. Hasara ya mwisho ni 445 kwa mkataba. Broka hana sababu ya kukufunga kwa ajili ya volatiliti. Ila spredi 30 zinaweza kukuondolea 13,350 bila kufungwa hata mara moja, kwa hiyo kutofungwa si sawa na kutopoteza.

Chunga siku ya mwisho. Hisa ikiwa chini ya 45, unaweza kupewa hisa za puti uliyouza: spredi 10 ni hisa za dola 45,000 kwa akaunti ya 20,000. Baadhi ya mabroka hukufungia mchana huohuo ili wasibebe hilo. Mimi hutoka wiki moja kabla.

Baharia_Likoni
Nimeelewa. Pesa kamili ingenipa mikataba minne tu, ila silali na wasiwasi. Naelekea spredi 10. Je, niweke pia oda ya kujikata, puti ikifika mara mbili ya bei?

Kijana_wa_Tudor
Weka. Mimi sikosi.

BiHesabu
Hapo mimi na Kijana hatukubaliani. Kwenye pengo pana la asubuhi ya New York, oda hiyo inaweza kuchomoka kwa bei ambayo hakuna aliyefanya biashara nayo. Kwa puti ya wazi ningeelewa. Kwa spredi ambayo hasara yake unaijua, ningeweka oda ya bei maalumu na kuisogeza mwenyewe.

Kijana_wa_Tudor
Na kama uko kazini bandarini, simu iko kwenye loka?

Baharia_Likoni
Ndiyo hali yangu, zamu ya jioni mara tatu kwa wiki. Kuna anayeuza opsheni akiwa na zamu kama hizi?