MREJESHO: Nyonga kukaza na kiuno kuuma kwa kukaa ofisini

Niliuliza: "Nakaa kwenye kiti masaa nane. Nikisimama nyonga zimekaza, kiuno kinauma hadi natembea nimeinama. Nifanye nini hapo hapo kazini?"

Wadau, wiki sita zimepita, asanteni sana. Lile zoezi la kupiga goti moja ndilo lililonisaidia, ila wiki ya kwanza nusura niliache kwa sababu kiuno kilizidi kuuma. Kosa lilikuwa langu: nilisukuma nyonga mbele huku mgongo umepinda kwa nyuma, kwa hiyo mzigo wote ukaishia kiunoni.

Sasa nakunja kanga naiweka chini ya goti la kulia, mguu wa kushoto unatangulia. Kabla ya kusogea popote nakaza tako la kulia na kuvuta chuma cha mkanda juu kuelekea kitovuni. Hapo nasogea mbele kidogo tu, inchi moja hivi. Mvuto unatakiwa usikike mbele ya paja la kulia, karibu na kinena. Ukiusikia kiunoni, rudi uanze upya. Nashikilia sekunde 30, mara mbili kila upande, huku napumua kawaida.

Pia kila nusu saa nasimama. Chupa ya maji nimeiacha nyumbani, natumia glasi ndogo ili nilazimike kwenda kuijaza.

Sasa nanyooka nikisimama, ingawa kikao kirefu bado kinaniumiza. Mwenye ganzi au maumivu yanayoshuka mguuni aanze kwa daktari. Ganzi ikiwa sehemu za siri, au mkojo ukigoma, ni hospitali siku hiyo hiyo.