Mrejesho: Jina la mtoto limepatikana

Niliuliza: "Binti yetu ana siku 4. Mama mkwe anataka aitwe Mwanaisha, mama yangu anataka Zuhura. Akika ni siku ya 7, tufanyeje?"

Wapendwa, ameitwa Mwanaisha. Mume wangu alikaa na kila bibi peke yake akamuuliza sababu. Mama mkwe akasema ni jina la marehemu mama yake, na hakuna mjukuu hata mmoja aliyelirithi. Mama yangu kusikia hivyo akacheka: "Mimi nililipenda tu, mwanangu. Mpeni la marehemu." Siku ya 7 tukamnyoa, tukachinja mbuzi mmoja. Zuhura limebaki jina la nyumbani, na bibi yake ndiye analishikilia!

Kosa lilikuwa langu. Kwa kiherehere nilishaandikisha Zuhura kwenye kadi ya kliniki. Nesi ndiye aliyenishtua: cheti cha kuzaliwa kikisema Mwanaisha na kadi Zuhura, tukienda kuandikisha kitu tunaweza kudaiwa kiapo cha kuthibitisha kuwa ni mtoto mmoja. Kadi imerekebishwa. Tangazo la kizazi, bahati nzuri, lilikuwa bado halijaandikwa jina. Jumatatu baba yake analipeleka RITA.