Chaneli ya cherehani ina watazamaji, mauzo hakuna. Nifungue tovuti au niendelee na WhatsApp tu?

FundiMakoroboi
Wakuu, habari za leo. Mimi ni fundi cherehani, niko Mwanza. Nina chaneli YouTube mwaka wa tatu huu, video 71, wafuasi 6,400 na kidogo. Ni matengenezo tu: uzi kukatika, mkanda kuteleza, kufunga mota kwenye cherehani ya miguu. Dukani nauza sindano, bobini, mikanda na mafuta.

Shida yangu ni hii. Mtu anaangalia video, anaandika "fundi hiyo sindano napata wapi?", namjibu, anapotea. Nikikaa siku mbili sijashika simu, maswali yamezama. Halafu video fupi ndizo zinazokimbia, na huko kiungo ukiweka hakibonyezeki.

Kuna kijana anataka laki nane anitengenezee tovuti yenye duka kamili. Nimlipe? Na humo nitaandika nini wakati kila kitu nimeshakisema kwenye video?

Kasuku_Mtandaoni
Mlipe mkuu. Mwambie akuwekee WordPress na WooCommerce, mteja achague bidhaa, aweke kikapuni, alipe. Maudhui unayo tayari: chukua maneno unayosema kwenye kila video uyabandike, video 71 kurasa 71. Google inapenda maandishi mengi.

Chachandu
Usijisumbue. AdSense ya blogu hailipi kama huna watu wengi kila siku. Mimi nilifungua blogu ya mpira, mwaka mzima sikuambulia hata nauli.

FundiMakoroboi
@Chachandu ndugu yangu, siulizi matangazo. Nataka niuze sindano.

SeremalaWaKurasa
Fundi, laki nane kaa nayo kwanza. Una bidhaa ngapi? Kama hazizidi ishirini, huhitaji kikapu. Wateja wako watataka kuuliza kabla ya kulipa, maana vipuri vya cherehani mtu anaogopa kununua kisichoingia. Unachohitaji ni kurasa kama kumi, kila moja inajibu tatizo moja, na chini yake kitufe cha kukuagiza.

Kuhusu kubandika maneno ya video, hapo @Kasuku naomba nikupinge. Maongezi yana "sasa hapa mnaona", "huyu jamaa hapa", msomaji haoni chochote. Mtu aliyekuja kutoka Google ana cherehani mbovu mbele yake na mteja anasubiri gauni. Anataka jibu kwenye mistari mitatu ya kwanza.

Anza hivi. Fungua YouTube Studio, ingia kwenye takwimu, tafuta vyanzo vya watazamaji, kisha bofya YouTube search. Utaona maneno yenyewe watu waliyoandika mpaka wakakufikia. Hayo ndiyo vichwa vya kurasa zako. Niambie, video yako inayotafutwa kuliko zote inaitwaje?

FundiMakoroboi
Nimeingia sasa hivi. Inaitwa "MATATIZO SUGU YA CHEREHANI SEHEMU YA 4". Maneno waliyotafuta: "cherehani inaruka nyuzi", "kwanini cherehani inaruka", "cherehani haishiki uzi wa chini". Duh. Hakuna hata mmoja aliyeandika matatizo sugu.

SeremalaWaKurasa
Umejionea. Ukurasa wa kwanza uitwe "Cherehani inaruka nyuzi: kagua sindano kwanza". Sasa wewe ndiye fundi, nijibu kama mteja: kwa nini inaruka?

FundiMakoroboi
Mara nyingi ni sindano. Imepinda, au imewekwa kinyume, au si yake. Cherehani za nyumbani hizi, Butterfly na Singer za kawaida, zinatumia HA×1, ile yenye ubapa kwenye shina. Za kiwandani zinatumia DB×1, shina la mviringo na jembamba. Mtu anauziwa DB×1, anaikaza, inashika, lakini urefu wake si ule, ndoano inapita bila kuchukua uzi. Anaanza kufungua mashine nzima bure. Na kwenye HA×1 kuna mfereji mrefu upande wa pili wa ubapa. Uzi unaingilia upande wa huo mfereji. Ukigeuza, inaruka.

SeremalaWaKurasa
Basi ukurasa umeshauandika, unakili tu hapo juu. Ongeza picha mbili ulizopiga mwenyewe kwa simu: sindano mbili zimelazwa sambamba kwenye karatasi nyeupe, na nyingine ya karibu inayoonyesha ubapa. Video iweke chini ya maelezo. Ukiipandikiza juu kabisa, mwenye bando dogo anasubiri ipakie kabla hajasoma neno. Weka `loading="lazy"` ndani ya iframe, ule msimbo wa kupandikiza video, ili isipakie mpaka afike.

Na usitegemee picha ya video itokee Google kupitia ukurasa wako. Tangu Aprili 2023 Google inaonyesha hiyo picha kwa kurasa ambazo video ndiyo kiini chake, na video yako ina ukurasa huo tayari, YouTube kwenyewe. Wewe shindana kwa maandishi.

Kitufe cha kuagiza ni hiki:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naomba%20sindano%20HAx1%20pakiti%202
```

Namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Watu wengi wanaweka 07 halafu wanalalamika haifunguki. Kila ukurasa uwe na ujumbe wake, ili ukipokea meseji ujue mtu ametokea wapi hata kabla hajajieleza.

Mahali pa kuanzia, mimi ningechukua Blogger pamoja na jina lako mwenyewe la .co.tz. Utalipia jina tu, seva ni ya Google. Jina liwe fupi linalotamkika, maana kwenye video fupi utalisema kwa mdomo. Huko huko kwenye video fupi tumia "Related video" kumpeleka mtu kwenye video ndefu, ambayo kiungo chake cha maelezo kinabonyezeka.

MamaMaandazi_Tanga
Jamani naomba nichangie yaliyonikuta. Mimi nina chaneli ya mapishi, kijana akanitengenezea WordPress nzuri kweli. Nikaandika miezi minne, Google hainitaji kabisa. Nikadhani Kiswahili hakitafutwi. Kumbe alipokuwa anajenga alitia tiki kwenye "Discourage search engines from indexing this site", akasahau kuitoa. Iko Settings, halafu Reading. Miezi minne naandikia ukuta.

SeremalaWaKurasa
Pole dada, hiyo inawapata wengi. Dalili yake: ukifungua msimbo wa ukurasa unakuta mstari huu.

```
<meta name='robots' content='noindex, nofollow' />
```

Fundi, sajili tovuti Search Console siku ileile unayoifungua, kisha weka anwani ya ukurasa kwenye URL Inspection. Itakwambia kama Google inaruhusiwa kuuingiza au imezuiwa. Usisubiri miezi minne.

Kasuku_Mtandaoni
Sawa, kwenye maandishi nimekubali. Lakini Blogger mnampoteza. Anwani zake zina mwaka na mwezi na .html mwishoni. Akikua akahamia WordPress, viungo vyote vinakufa, anaanza sifuri.

SeremalaWaKurasa
Hoja ina uzito, ila havifi ukijua. Ukihamia, WordPress inakubali muundo uleule kwenye Permalinks:

```
/%year%/%monthnum%/%postname%.html
```

Unakagua kila ukurasa umebaki na jina lake la zamani, basi. Kinachoua ni kuwa na blogspot.com bila jina lako mwenyewe, hapo kweli unaacha nyumba ya mtu.

Kasuku_Mtandaoni
Mimi bado ningeanza na WordPress. Kuhama ni kazi hata kama inawezekana.

MzeeWaKirumba
Nyie mnaongea viungo, hakuna aliyetaja TCRA? 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni blogu ngapi zilifungwa! Kijana asije akajiletea matatizo.

SeremalaWaKurasa
Mzee, kanuni zile zilifutwa zikaandikwa mpya 2020, nazo zikarekebishwa 2022, na msisitizo wa leseni ulihamia kwa wanaotoa habari na matukio. Hata hivyo mimi si mwanasheria. Fundi apige simu TCRA Kanda ya Ziwa, wapo hapohapo Mwanza, awaeleze kwamba ni duka la vipuri.

FundiMakoroboi
Wakuu nimerudi, wiki ya tisa leo. Nilichukua Blogger na jina la .co.tz, nimeandika kurasa nane. Laki nane sikutoa. TCRA nilienda mwenyewe, wakanisikiliza, wakasema niandike barua nieleze ninachofanya. Nimeiandika, nasubiri jibu.

Wiki tatu za kwanza kimya kabisa, nilikata tamaa. Sasa Search Console inaonyesha ukurasa wa kuruka nyuzi umetokea mara 212, umebofywa mara 14. Lakini kilichonishangaza ni neno ambalo sikuliandika popote: "butterfly inatumia sindano namba ngapi". Nilikuwa natokea nafasi ya kumi na kitu. Nikaandika ukurasa wake peke yake: aina ni HA×1, namba 14 kwa vitambaa vya kawaida, 16 ukishona vizito kama jinzi. Huo ndio umeleta oda nyingi zaidi, tisa mpaka jana.

Tatizo jipya: pakiti ya sindano nauza 3,000, kutuma kwa basi mpaka Kahama au Shinyanga inafika 5,000. Watu wanagoma. Nikaunda kifurushi kimoja cha 22,000: pakiti tatu za sindano, bobini sita, mkanda, chupa ya mafuta na bisibisi ndogo. Sasa nauli haiumi. Sindano pekee nauza kwa wa hapa mjini tu, na ukurasa unasema hivyo wazi.

Na mmoja alinitumia skrinishoti ya malipo ya lipa namba, nikafunga mzigo, kuangalia salio hakuna kitu. Bahati basi lilikuwa halijaondoka. Siku hizi nasoma salio langu, skrinishoti sizitazami.

SeremalaWaKurasa
Safi. Swali moja: ile video ya "MATATIZO SUGU" umeibadilisha kichwa?

FundiMakoroboi
Bado. Naogopa itashuka, ndiyo inayoniletea watu.

Kasuku_Mtandaoni
Usiiguse hiyo.

SeremalaWaKurasa
Mimi ningeibadilisha, nikaandika pembeni kichwa cha zamani na tarehe, nikaangalia mwezi mmoja. Ikishuka unarudisha.

Mwana_Likoni
Fundi, niko Mombasa, nimefika kwako kwa kutafuta cherehani inaruka nyuzi. Nilikuwa nimeweka DB×1 kweli, nimecheka peke yangu. Hicho kifurushi waweza kunitumia huku? Na nikilipa kwa M-Pesa ya Kenya itafika?

FundiMakoroboi
Karibu sana kaka. Pesa nasikia inavuka, mzigo ndio sijui kwa sasa. Kuna mtu humu amewahi kutuma vipuri kwa basi kupitia Horohoro au Namanga? Forodha wanasemaje kwa mzigo mdogo hivi?