Naomba ushauri: mkataba unaosema nitalipwa mkandarasi mkuu akilipwa

Ndugu wajenzi, hapa Lubumbashi nimepewa kazi ya mabomba katika jengo la ghorofa tatu kwa dola 18,000, na mkataba unasema nitalipwa siku 14 baada ya mkandarasi mkuu kulipwa na mwenye jengo. Vifaa nachukua kwa mkopo, na mafundi wangu hulipwa kila Jumamosi. Mwenye jengo akizuia pesa kwa sababu ya paa linalovuja, ambalo si kazi yangu, nami nitangoja. Kibaya zaidi, kifungu hakisemi kama deni langu linacheleweshwa tu au linafutika kabisa mwenye jengo akifilisika. Je, nidai kiongezwe kikomo, kwamba siku 60 baada ya kazi yangu kupokelewa nilipwe kwa vyovyote, au nidai kwanza malipo ya awali yanayotosha vifaa?